Tenga la Nyanya na Daftari: Kukadiria Faida ya Mwezi na Kizingiti cha Biashara Ndogo

Katika sura hii tunaeleza namna mtu mwenye biashara ndogo anavyoweza kujua, kwa daftari la kawaida na kalamu, mambo mawili. La kwanza ni faida aliyoipata katika mwezi mzima. La pili ni kiasi ambacho ni lazima auze kabla ya shilingi ya kwanza ya faida kuonekana. Kiasi hicho tutakiita kizingiti. Aliye chini ya kizingiti anakula mtaji wake hata kama fedha zinapita mkononi kila siku. Aliyekivuka ndiye aliyeanza kupata.

Tumechagua biashara ya nyanya katika mji mdogo wa Bumbuli, wilayani Lushoto, kwa sababu nyanya huficha hasara kuliko bidhaa nyingi. Muuza sabuni akibakiwa na mche mmoja leo, ataukuta kesho vile vile. Muuza nyanya akibakiwa na mafungu kumi jioni, kesho huenda akakuta saba. Yale matatu yaliyopotea hayaandikwi popote, wala hakuna anayemdai, na ndiyo maana husahaulika. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake mahali pake, kwa kuwa bei ya tenga hubadilika kutoka wiki hadi wiki, bali njia ya kuhesabu haibadiliki.

Muuzaji wetu wa mfano ana meza moja sokoni. Hununua nyanya kwa wakulima wa mabondeni kwa shilingi 28,000 kwa tenga, na humlipa mwendesha bodaboda shilingi 2,000 kulifikisha sokoni. Huziuza kwa mafungu, nyanya nne kwa shilingi 500. Mifuko anayowapa wateja humgharimu shilingi 500 hivi kwa tenga. Kwa hiyo kila tenga linamgharimu shilingi 30,500. Hizi ndizo gharama zinazofuata tenga: akileta tenga moja zaidi zinaongezeka, asipoleta hazipo.

Ukimwuliza anapata nini kwa tenga, atajibu upesi. Tenga lina nyanya 400, yaani mafungu 100, yaani shilingi 50,000. Ondoa 30,500, linabaki shilingi 19,500. Kwa mwezi huuza matenga 12, hivyo hudhani kwamba biashara inamwachia shilingi 234,000 kabla ya ushuru na mengineyo. Hesabu hiyo haina kosa la kutoa wala la kujumlisha. Kosa lake ni kudhani kwamba nyanya zote 400 zimeuzwa kwa bei ya asubuhi ya kwanza.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Wafanyabiashara wengi wanaoweka kumbukumbu huandika kwa siku: leo nimeuza kiasi hiki, kesho kiasi kile. Kwa bidhaa inayooza tunashauri ukurasa mmoja uwe wa tenga moja, si wa siku moja. Sababu ni kwamba tenga lililofunguliwa Jumatatu huisha Jumatano, na hasara yake hutokea Jumatano, wakati ambapo tenga jipya limekwisha kuwekwa mezani. Ukiandika kwa siku, mauzo mazuri ya tenga jipya hufunika uozo wa tenga la zamani, nawe hutaona ni lipi lililokuletea faida. Tenga lipewe namba, ukurasa wake ufunguliwe siku linaponunuliwa, na ufungwe siku nyanya ya mwisho inapouzwa au kutupwa. Mabaki ya tenga la zamani yawekwe upande mmoja wa meza, yasichanganywe na mapya.

Nyanya zihesabiwe zote mara moja au mbili mwanzoni mwa msimu, ili kujua tenga la mkulima fulani lina ngapi. Tenga si kipimo. Liko lililojazwa hadi juu, na liko lililotandikwa majani mengi chini. Baada ya hapo si lazima kuhesabu nyanya zote kila mara. Inatosha kuweka alama ya kijistari daftarini kwa kila nyanya inayotupwa, inayotolewa nyongeza na inayopelekwa nyumbani. Zinazouzwa zitajulikana kwa fedha.

Muuzaji wetu alipofanya hivyo, ukurasa wa tenga mojawapo ulisomeka hivi:

Nyanya nzuri zilizouzwa: 280, mafungu 70, shilingi 35,000.
Masalo, nyanya sita kwa fungu: 48, mafungu 8, shilingi 4,000.
Zilizopelekwa nyumbani: 12, mafungu 3, shilingi 1,500.
Nyongeza kwa wateja: 20, bila fedha.
Zilizotupwa: 40, bila fedha.
Jumla: nyanya 400, shilingi 40,500.

Masalo ni zile nyanya zilizolainika, ambazo mnunuzi wa asubuhi huzipita lakini mama wa mgahawa huzichukua jioni kwa ajili ya mchuzi. Hazijapotea, ila kila fungu la masalo limebeba nyanya sita badala ya nne. Nyanya 48 zilizostahili kuwa mafungu 12 zimekuwa mafungu manane.

Za nyumbani tumeziandika kama mauzo, na huenda msomaji akashangaa. Tumefanya hivyo kwa sababu familia ingekuwa imezinunua kwa mtu mwingine. Biashara imeiuzia familia nyanya, na familia imelipa kwa kuchukua sehemu ya faida kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeziandika kabisa ataona biashara yake ni mbaya kuliko ilivyo. Anayeziandika asahau kwamba fedha zake hazimo mfukoni, atatafuta fedha ambazo zimekwisha kuliwa.

Sasa ondoa gharama za tenga, shilingi 30,500, katika mauzo ya shilingi 40,500. Linabaki shilingi 10,000. Kiasi hicho tukiite baki ya tenga. Muuzaji alidhani baki yake ni shilingi 19,500, kumbe ni nusu yake na kidogo tu. Tofauti hiyo haikuibwa na mtu. Shilingi 5,000 ziko katika nyanya zilizotupwa, 2,500 katika nyongeza, na 2,000 katika masalo.

Upande wa pili wa hesabu ni gharama zinazofuata mwezi. Hizi hulipwa kwa sababu meza ipo sokoni, liwe limeuzwa tenga moja au ishirini. Muuzaji wetu hukaa sokoni siku 24 kwa mwezi. Ushuru wa soko kwa shilingi 500 kwa siku hufika 12,000. Kodi ya meza ni 10,000, mlinzi wa usiku 5,000, na vocha ya kuwapigia wakulima 4,000. Chai na chakula cha mchana sokoni, ambavyo asingevinunua kama angekuwa nyumbani, ni 20,000. Meza, turubai na ndoo vilimgharimu shilingi 96,000 na vitadumu miaka miwili hivi; ukigawanya kwa miezi 24 ni shilingi 4,000 kwa mwezi, ambazo huna budi kuziweka kando ili turubai likichanika usichomoe mtaji.

Inabaki kodi ya mapato, ambayo wengi huiacha nje ya daftari mpaka siku ya kulipa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 halipi kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Zingatia kwamba kinachopimwa ni mauzo, si faida. Muuzaji wetu huuza matenga 12 kwa mwezi, yaani shilingi 486,000, na kwa mwaka shilingi 5,832,000. Asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 ni shilingi 54,960. Daftari peke yake limempunguzia takriban shilingi 45,000. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato itamweleza msomaji kama viwango vimebadilika. Hapa tutatenga shilingi 5,000 kwa mwezi.

Jumla ya gharama za mwezi ni shilingi 60,000. Kizingiti sasa hupatikana kwa kugawanya mara moja tu: gharama za mwezi kwa baki ya tenga. Shilingi 60,000 ukigawanya kwa 10,000 unapata 6. Matenga sita ya kwanza ya kila mwezi humlipa mwenye meza, mlinzi, soko na serikali. Tenga la saba ndilo la kwanza linalomlipa yeye. Kama angetumia baki ya kudhania ya shilingi 19,500, angeamini kwamba kizingiti ni matenga matatu na kidogo, na baada ya wiki ya kwanza angeanza kutumia fedha ambazo si faida.

Kwa anayetaka kipimo cha kila siku, matenga sita huleta mauzo ya shilingi 243,000. Ukigawanya kwa siku 24 ni shilingi 10,125. Siku ambayo mauzo hayafiki shilingi 10,000 na ushei ni siku aliyofanya kazi kwa ajili ya wengine. Siku moja ya namna hiyo si ya kutisha, hasa kama kesho yake ni siku ya soko kubwa. Wiki nzima ya namna hiyo inahitaji kuangaliwa.

Faida ya mwezi nayo ni rahisi. Matenga 12 mara baki ya 10,000 ni shilingi 120,000. Ondoa 60,000, inabaki faida ya shilingi 60,000. Kati ya hizo, shilingi 18,000 zimekwisha kuliwa nyumbani kama nyanya, kwa hiyo fedha taslimu ni shilingi 42,000. Tena muuzaji hajajilipa ujira. Faida hiyo ndiyo mshahara wake, na kwa siku 24 ni shilingi 2,500 kwa siku. Akitaka kujua kama biashara inamfaa, ailinganishe na malipo ya kibarua cha siku shambani katika kijiji chake.

Tumesema kwamba hesabu hii huyumba pamoja na uozo, na ni vema msomaji aone huyumba kwa kiasi gani. Katika miezi ya masika, kati ya Machi na Mei, barabara za milimani huteleza. Tenga hufika limechelewa na nyanya zimelowa. Zile za chini zimebanwa na uzito wa za juu, na ngozi iliyopasuka ikikaa na maji hushika ukungu upesi. Tuseme zinazotupwa zimepanda kutoka 40 hadi 80, na kila kitu kingine kimebaki vile vile. Nyanya nzuri zinazouzwa zinashuka hadi 240, yaani mafungu 60. Mauzo ya tenga yanakuwa shilingi 35,500, na baki inakuwa shilingi 5,000. Gawanya 60,000 kwa 5,000: kizingiti kimekuwa matenga 12, ndiyo yale yale anayouza mwezi mzima. Faida yake ni sifuri. Mtu anayepita sokoni ataona meza ile ile, wateja wale wale na fedha zikibadilishana mikono kama kawaida.

Kwa hiyo alama za nyanya zilizotupwa ndizo za kutazamwa kwanza kila tenga linapofungwa. Zikizidi kwa matenga mawili mfululizo, daftari litasaidia kujua chanzo. Nyanya zikioza siku ya kwanza, tatizo liko shambani au njiani: zimevunwa zikiwa zimelowa, zimeiva mno, au tenga ni refu na la chini zimepondeka. Mpe mkulima taarifa, omba zinazoanza tu kubadilika rangi, na pima kama sanduku la mbao lisilo na kina lingefaa zaidi. Zikioza siku ya tatu, mkulima hana kosa. Umeleta nyingi kuliko wateja wako. Wakati wa baridi ya Juni na Julai nyanya huiva polepole na huvumilia mezani, na huo si ushahidi kwamba zitavumilia vivyo hivyo Februari.

Kuhusu nyongeza, hatumshauri mtu aiache. Mteja aliyezoea kuongezewa nyanya moja ndiye anayerudi wiki ijayo. Hata hivyo nyanya 20 kwa tenga ni shilingi 2,500, na kwa mwezi ni shilingi 30,000, nusu ya faida nzima. Muuzaji anaweza kutoa nyongeza kutoka upande wa zilizoanza kulainika, ambazo jioni zingekuwa masalo, na mteja anayepika siku hiyo hiyo hapungukiwi kitu. Ni vema pia kukumbuka kwamba kupunguza fungu kutoka nyanya nne hadi tatu kwa bei ile ile ni kupandisha bei kwa theluthi moja. Wakati mwingine bei ya tenga hulazimisha hivyo, ila mnunuzi huona.

Madeni ya wateja yaandikwe ukurasa wa nyuma, kwa jina na tarehe. Yasiingizwe katika mauzo ya tenga mpaka yalipwe.

Tumalizie na jambo linalowaleta wasomaji wengi katika ofisi zetu, nalo ni mkopo. Muuzaji wetu amepewa nafasi ya kukopa shilingi 200,000, arejeshe shilingi 80,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, ili aongeze matenga kutoka 12 hadi 18 kwa mwezi. Riba yote ni shilingi 40,000. Hiyo ndiyo gharama ya mkopo. Hata hivyo kinachotoka mkononi kila mwezi ni shilingi 80,000, na katika miezi hiyo mitatu ni lazima zipatikane juu ya zile 60,000 za gharama za mwezi. Jumla ni shilingi 140,000. Kwa baki ya shilingi 10,000, anahitaji matenga 14 ili asidaiwe na mtu yeyote, akiwa bado hajapeleka nyumbani hata shilingi moja.

Akifikisha matenga 18 kwa baki ile ile, atapata shilingi 180,000, atalipa 140,000, na atabakiwa na 40,000. Hiyo ni chini ya faida anayoipata leo bila mkopo, lakini kwa miezi mitatu tu. Mkopo ukiisha, matenga 18 yatamwachia shilingi 120,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi, mkopo unafaa.

Swali ambalo karatasi ya mkopo haiulizi ni kama baki itabaki shilingi 10,000. Leo tenga moja hupata siku mbili za kuuzwa. Kwa matenga 18, matenga matatu yatalazimika kuisha kila siku nne, kwa wateja wale wale. Ikiwa nyanya 24 zaidi katika kila tenga zitaishia jalalani, mafungu sita yamepotea na baki imeshuka hadi shilingi 7,000. Matenga 18 yatampa shilingi 126,000, na kila mwezi atapungukiwa shilingi 14,000 za marejesho, ambazo atazitoa katika mtaji au katika ada ya mtoto.

Kabla ya kusaini, ni afadhali ajaribu kwa fedha yake mwenyewe. Kwa wiki mbili alete matenga kwa mwendo wa 18 kwa mwezi, yaani matenga tisa katika siku 12, na afunge kila ukurasa kama kawaida. Asifanye jaribio hilo Juni ikiwa marejesho yataanza Machi. Baki ikisimama juu ya shilingi 8,000, atamudu kulipa bila kugusa mtaji, ingawa kwa baki ya shilingi 8,000 kamili hatapata zaidi ya shilingi 4,000 za kujilipa kwa mwezi katika miezi hiyo, na familia iwe na njia nyingine ya kula. Ikiwa chini ya hapo, aombe marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, au aache. Na kwa mkopeshaji yeyote, kampuni au mtu binafsi anayekopesha kama biashara, aombe kuonyeshwa leseni kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na karatasi yenye jumla ya fedha zote atakazorejesha, tarehe za kulipa, na adhabu ya kuchelewa. Namba hizo tatu aziandike kwenye daftari lake, ukurasa unaotazamana na ule wa gharama za mwezi.